Jinsi nilivyotatua utata wa neno «kutokosa» katika tangazo la kipindupindu

Katika rasimu ya tangazo niliandika «Kunywa maji yaliyotokoswa», yaani yaliyochemshwa, kwa kuwa neno hilo ni fasaha na nililizoea tangu utotoni pwani. Hata hivyo, wasomaji wa bara walisita walipolifikia. Niliongeza maelezo kwenye mabano, lakini sentensi ikawa nzito zaidi. Niliwauliza wenzangu kama wanaelewa, nao wote wakaitikia ndiyo.

Kilichosaidia ni kubadili swali. Badala ya «Je, unaelewa?», niliwaomba wasomaji watano, mmoja mmoja, wanieleze wangefanya nini jikoni baada ya kusoma. Watatu hawakutaja moto kabisa. Walikisia kuwa maji yanachujwa. Nilipoandika «yaliyochemshwa», wote walitaja moto, ila mmoja alisema angeyaepua yakishapata uvuguvugu, jambo lililonionyesha kwamba hata neno la kawaida lilihitaji kipimo. Ndipo nikaandika: «Chemsha maji mpaka yatokwe na mapovu makubwa kwa dakika moja, kisha yafunike yapoe.» Neno «kipindupindu», ingawa ni refu, nililiacha, maana kila msomaji alilitambua mara moja.