Yaliyokuwa chini ya hasira

Shangazi wa mume wangu alitufikia Uyole mwezi wa Julai, baridi ikiwa imeshika kisawasawa. Alikuta nyumba haisemezani. Ni muuguzi mstaafu, na miaka yake ya mwisho kazini alikuwa kitengo cha ushauri nasaha, kwa hiyo hakuuliza nani ana makosa. Alikunywa chai, akamwambia Tumaini akacheze kwa jirani, kisha akaomba daftari na kalamu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Baba Tumaini alikuwa amepeleka viazi Dar es Salaam kwa fuso, safari ya zaidi ya kilomita 800. Siku ya kurudi, simu yake haikupatikana tangu jioni hadi alfajiri. Alipoingia ndani nikamwambia, "Umenidharau. Hunijali hata kidogo." Naye akajibu, "Unanichunga kama askari. Sina amani katika nyumba hii." Kuanzia hapo tukabaki kusalimiana tu kwa ajili ya mtoto.

Shangazi aliniambia niandike maneno yangu kama yalivyotoka, na mume wangu aandike yake. Kisha akatupa jaribio ambalo nimelitumia tangu siku ile. "Chukueni kila neno mliloliita hisia," alisema, "mjiulize: ili neno hili liwe kweli, lazima kuwe na mtu aliyetenda? Mkwe wangu, ukiwa peke yako shambani kule Kitulo unaweza kuhisi upweke. Unaweza kuhisi hofu, au huzuni. Lakini utadharauliwa na nani, viazi?"

Nikalikata neno *umenidharau*. Mume wangu akakata *unanichunga*. Shangazi akaongeza mengine ya ukoo huo, yale ya kupuuzwa, kutelekezwa, kutumiwa na kusalitiwa. Maumivu yaliyomo ni ya kweli, alisema, ila ndani yake kuna mshitakiwa, na mshitakiwa hujitetea kwanza. Ukimwambia mtu "umenipuuza" atajibu "sijakupuuza", na hapo mtabishana kuhusu yeye mpaka kuche. Ukimwambia "niliogopa", hana cha kukanusha.

Tatizo ni kwamba baada ya kukata yale maneno, daftari langu lilibaki na neno moja tu, hasira. Shangazi alikubali kuwa hasira ni hisia halali, lakini akasema mara nyingi huja ya pili. Akaniambia nifumbe macho nirudi kwenye usiku ule, nisimfikirie mume wangu, nieleze mwili tu. Nikasema tumbo lilikuwa limejikunja, mikono ya baridi, na kila gari likipita barabara kuu nilinyanyuka kitandani.

"Ulikuwa unawaza nini gari likipita?"

Nilikuwa nawaza Kitonga. Anayeishi na dereva wa barabara hii anaujua mlima ule, kona zake, na malori yanayokatika breki yakiteremka. Nililia kabla sijamaliza kujibu.

Akaniandikia ngazi ya maneno kutoka dogo hadi kubwa: *wasiwasi, hofu, hofu kuu*. Niweke alama. Saa mbili usiku ilikuwa wasiwasi, saa sita hofu, na saa tisa ilishakuwa hofu kuu. Alisisitiza ngazi hiyo kwa sababu mtu mwenye wasiwasi anahitaji habari kidogo tu, ila aliyefika kwenye hofu kuu anahitaji kushikwa mkono kwanza. Kwa hasira alituwekea nyingine: *kuudhika, kukasirika, kughadhibika*. Kwa huzuni: *kunyong'onyea, kuhuzunika, simanzi*. Alisema watu wengi huishi na "najisikia vibaya" peke yake, kisha wanashangaa kwa nini mwenzao hajui afanye nini.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa 2007 wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Watu walioonyeshwa picha za nyuso zenye hisia kali, walipoichagulia hisia jina, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshtuka kwenye hatari, ilitulia zaidi kuliko walipochagua tu jina la mtu linalolingana na jinsia ya uso. Nilikumbuka jinsi mikono yangu ilivyopata joto nilipotamka *hofu kuu* mbele ya shangazi.

Kwa mume wangu kazi ilikuwa ngumu zaidi. Alipoulizwa mwili ulikuwaje, alisema, "Kawaida tu." Mimi nikamdakia: "Una kiburi wewe, ndiyo hisia yako." Akasimama. Shangazi alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akahesabu. Mapigo yalikuwa yamepita 100 kwa dakika, naye alikuwa amekaa kitako muda wote mpaka aliposimama. Akafunga daftari. Akasema mwili ukifika hapo masikio hayasikii, tupumzike angalau dakika 20, na mapumziko yenyewe yasiwe ya kupanga majibu. Mume wangu alikwenda kupasua kuni. Mimi nikaambiwa, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba hakuna anayempa mwenzake jina la hisia. Unaweza kuuliza, "Ni aibu, au ni uchovu?" kisha ukanyamaza.

Aliporudi, shangazi alimuuliza hivyo hivyo. Alikaa muda mrefu. "Aibu," akasema. Uso ulikuwa unamchoma tangu sokoni. Bei ya viazi ilikuwa imeanguka, kila gunia la lumbesa likauzwa chini ya alivyotarajia, na pesa aliyorudi nayo haikutosha deni la mbolea. Simu aliizima mwenyewe kwa sababu hakuwa na sentensi ya kuniambia. Nilikuwa nimeamini ni dharau, na kumbe mtu alikuwa anajificha.

Ndipo tukapewa muundo wa kusema. Kwanza tukio, kama ambavyo kamera ingeliona, pasipo *daima* wala *hata siku moja*. Kisha hisia, kisha ninachohitaji, mwisho ombi moja linalotendeka. Sentensi yangu ilikuwa: "Simu ilipokuwa haipatikani tangu jioni hadi alfajiri, nilikuwa na hofu kuu, kwa sababu nahitaji kujua uko salama. Naomba unitumie ujumbe ukishamaliza Kitonga, hata neno moja, *nimepita*." Alirudia nilichosema kabla ya kujibu, hiyo ndiyo ilikuwa sheria, halafu akakubali.

Zoezi la nyumbani lilikuwa dogo. Kila jioni baada ya kula, kila mmoja ataje hisia mbili za siku hiyo na kilichozileta, hata kama hazihusiani na ndoa, na mwenzake aseme tu, "Nimesikia ulikuwa na..." bila ushauri. Shangazi alisema maneno haya yajifunzwe siku za amani, maana siku ya ugomvi hakuna anayekwenda kuyatafuta. Na alisema jambo jingine akinitazama mimi peke yangu jikoni: kama mtu anapigwa nyumbani, haya siyo mazoezi yake. Huyo aende kwanza mahali penye usalama, dawati la jinsia polisi au ofisi ya ustawi wa jamii, kwa sababu kumfunulia hofu yako mtu anayeitumia kukuumiza ni kujiongezea hatari.

Ombi la mume wangu lilikuja mwisho: nisimuulize bei ya soko mpaka kesho yake akishapumzika. Nikasema hilo siliwezi, kwani mwenye duka la mbolea hufika asubuhi na mimi ndiye ninayesimama mlangoni. Nilitegemea shangazi anilaumu. Yeye alifurahi. "Ombi lisiloweza kukataliwa ni amri," alisema. "Sasa muulize anahitaji nini hasa." Alihitaji kutohukumiwa akiwa bado na vumbi la barabara mwilini. Tukakubaliana kwamba atataja kiasi alichorudi nacho, mimi nitasema "nimesikia", na hesabu tutaifanya alfajiri kabla mwenye duka hajabisha hodi.