Kuku 300 au utenzi wa manamba: kumbukumbu ya mradi wangu wa jioni

Mwishoni mwa Januari

Mwaka huu muda wangu baada ya kazi ya ofisi ni jioni, kuanzia saa moja na nusu hadi saa nne usiku, pamoja na Jumapili. Muda huo unatosha kazi moja, nami nina mipango miwili ambayo kila mmoja unautaka wote. Wa kwanza ni kufuga kuku wa nyama 300 kwa mkupuo, katika banda lililo tupu nyuma ya nyumba yetu hapa Tanga. Mwenye kibanda cha chipsi na mwenye mgahawa mmoja wameshasema watanunua. Wa pili ni utenzi kuhusu manamba, yaani vibarua walioletwa kukata mkonge katika mashamba ya mkoa huu, ambao babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao, akitokea Songea. Ninaiandika kumbukumbu hii ili nisije nikaamua kwa hamu peke yake, wala kwa kuziangalia fedha peke yake.

Nimeanza na hesabu ya kuku, kwa bei nilizopewa mwezi huu. Vifaranga wa siku moja 300 kwa shilingi 1,800 kila mmoja ni 540,000. Chakula nimekadiria kilo mbili na nusu kwa kuku mpaka afikishe wiki tano, ambayo ni mifuko 15 ya kilo 50, na kwa bei ya 75,000 kwa mfuko inakuwa 1,125,000. Chanjo, dawa, mkaa, maranda, umeme na usafiri vinachukua 225,000. Jumla ni 1,890,000. Wakifa 15, ambalo ni jambo la kawaida hata kwa mfugaji makini, nitauza 285 kwa 7,500 na kupata 2,137,500, hivyo faida itakuwa 247,500. Banda linahitaji takriban wiki mbili za kusafishwa na kupumzishwa kabla ya kuingiza vifaranga wengine, kwa hiyo mwaka mmoja unaweza kubeba mikupuo saba. Kwa karatasi, biashara hii inalipa.

Februari

Kabla ya kununua chochote niliomba kwa jirani yangu, mama mmoja aliyefuga kwa miaka mingi, nimsaidie kulea vifaranga wake tangu siku ya kwanza, na yeye alikubali kwa furaha kwa sababu mjukuu wake alikuwa amerudi shule. Nilitaka kujua kazi hii inakula saa zipi, kwa kuwa jambo hilo halimo katika hesabu ya mifuko na vifaranga.

Katika wiki ya kwanza bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga, inatakiwa iwe na joto la nyuzi 32 hadi 33, kisha joto hupunguzwa nyuzi mbili au tatu kila wiki. Kwa jiko la mkaa, hiyo ina maana ya kuamka usiku kuongeza mkaa na kuwaangalia vifaranga wenyewe, kwa sababu wao wanasema ukweli kuliko kipimajoto: wakijikusanya na kupandiana karibu na jiko wana baridi, na walio chini hukosa hewa na kufa; wakikimbilia pembeni huku wamefungua midomo, joto limezidi. Wakitawanyika sawasawa, wengine wanakula na wengine wamelala, unaweza kurudi kitandani. Usiku mmoja wa upepo wa bahari walijikusanya mara mbili kabla ya alfajiri, na asubuhi nilikwenda kazini nikiwa sina akili ya kupanga hata mstari mmoja.

Chanjo nayo ina saa zake. Kideri hutolewa karibu na siku ya saba, Gumboro karibu na siku ya 14, na ratiba ya mama huyu inarudia kideri siku ya 21. Chanjo hizi huwekwa kwenye maji ya kunywa, na maji hayo hayatakiwi kuwa na klorini, kwa kuwa klorini inaiua chanjo yenyewe. Kuku hunyimwa maji kwa saa moja au mbili ili wawe na kiu, kisha wote wanywe na kumaliza mapema kabla chanjo haijapoteza nguvu. Mtu lazima awepo, asubuhi, siku hiyo hiyo, hata kama ofisini kuna ukaguzi. Nilipomuuliza mama huyo kama kazi inaweza kusogezwa mpaka Jumapili, alinijibu, “Mwanangu, kuku hana Jumapili.”

Nilijumlisha kwa kukadiria saa moja asubuhi, saa moja jioni, na saa moja nyingine inayosambaa usiku, na mkupuo wa siku 35 ukafika saa 105. Ukiigawanya faida ya 247,500 kwa saa hizo, unapata kama shilingi 2,350 kwa saa. Ndipo nilipoona kwamba ninachokiita faida kwa kiasi kikubwa ni ujira wangu mwenyewe. Nikimweka kijana wa kulinda na kulisha kwa 120,000 kwa mwezi, mkupuo utamlipa kama 140,000, nami nitabaki na laki moja na kidogo tu, huku chanjo na mauzo bado vikinisubiri mimi.

Machi

Mwezi huu umenifunza kuhusu mwisho wa mkupuo, ambao ninauona kuwa hatari kuliko bruda. Kuku wa nyama huuzwa kwa kichwa, si kwa kilo, katika soko ninaloliona mimi. Kuanzia wiki ya tano, kuku mmoja anakula gramu 140 kwa siku au zaidi, hivyo kuku 285 wanamaliza kilo 40, na kwa bei ya 1,500 kwa kilo hizo ni 60,000 kila siku. Mnunuzi wa mama huyo alichelewa siku nne kwa sababu gari lake liliharibika. Kwa ukubwa wa mpango wangu, siku nne ni 240,000, yaani karibu faida yote, na bei ya kuku haikupanda hata shilingi moja kwa uzito ulioongezeka.

Maelezo ya wafugaji huwa yanazungumzia magonjwa, na ni kweli magonjwa yanaweza kufuta faida: kwa hesabu yangu, wakifa 48 nitarudisha mtaji tu. Lakini ugonjwa unaweza kuukabili kwa usafi na chanjo. Mnunuzi asiyekuja unamkabili kwa kitu kimoja, nacho ni friza, maana kuku aliyechinjwa na kugandishwa haombi chakula. Sina friza, na bei yake inazidi faida ya mikupuo kadhaa.

Wakati huo nilikuwa nikiujaribu utenzi kwa saa zilizobaki. Kanuni yake ni nyepesi kuieleza: kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane, vipande vitatu vya mwanzo vinashirikiana kina, na cha nne kinabeba bahari, yaani kina kinachodumu tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Bahari ndiyo uamuzi mgumu. Nilitamani kumalizia kwa “-nge” kwa ajili ya neno mkonge, lakini baada ya tonge na bunge ghala linakuwa tupu, na utenzi wa beti 240 hauwezi kuishi kwa maneno machache hivyo. Nimechagua “-ma”, yenye heshima, lawama, homa, kisima, mtama, nyuma na mengine mengi yanayoingia katika maisha ya kambi bila kulazimishwa.

Huu ni ubeti ulionichukua Jumapili nzima, wa kijana anayesajiliwa kazini:

*Nambari nilipopewa,*
*jina likaondolewa,*
*kipandeni nikatiwa,*
*siku thelathini nzima.*

Kipande cha tatu kilianza kuwa “kwenye kipande nikatiwa”, ambacho kina mizani tisa, na hakikusikika vibaya mpaka nilipokiimba. Kiambishi “-ni” kilipunguza mizani moja na kikabaki na maana ile ile. Kipande kinachotajwa ndani ya ubeti kilikuwa kadi ya kazi, na siku 30 za kazi zilipaswa kutimia juu yake ndipo kibarua alipwe. Siku ambayo hakukamilisha kazi aliyopimiwa haikuandikwa, hivyo siku 30 za kipande zilikuwa nyingi zaidi kwa kalenda. Ubeti huo hauna nafasi ya kulieleza hilo, kwa hiyo beti zinazofuata zitalibeba.

Utenzi pia una muda wake, ila ni wa aina nyingine. Dakika 20 za usiku wa bruda zilinitosha kurekebisha mizani ya kipande kimoja, lakini hazikutosha kupanga beti tano zinazosukumana, kwa sababu kazi hiyo inataka uwe na yote kichwani kwa pamoja. Kwa mwendo wa Jumapili na jioni mbili tulivu ninapata beti sita kwa wiki, kwa hiyo 240 zinahitaji wiki 40. Nikikatishwa kwa wiki mbili, nitarudi na kuzikuta beti zote salama.

Aprili

Nimechagua utenzi kwa mwaka huu, na wanunuzi wawili nimewaarifu kwamba wasinitegemee. Mwenye kibanda cha chipsi ameshampata mfugaji mwingine, jambo linalomaanisha kwamba nikirudi nitatafuta soko upya. Hiyo ndiyo gharama halisi ya uamuzi huu, pamoja na shilingi milioni moja na laki saba ambazo mikupuo saba isiyo na ajali ingeweza kuleta. Mke wangu, ambaye nusu ya mtaji ilikuwa akiba yake, alikubali kwa sharti kwamba fedha hiyo isiguswe na iwe mwanzo wa kununua friza. Nadhani ana haki. Kukiwa na friza, na banda la kubeba kuku wa kutosha kumlipa kijana mshahara wake wote, hesabu inageuka, na saa zangu hazitakuwa tena ndizo faida.

Kilichonielekeza zaidi ni kwamba saa za kuku hazikubali kuahirishwa ilhali ofisi yangu nayo haikubali, na kazi mbili zisizosogea zikigongana, kinachoumia ni kifaranga au ajira. Kama ningekuwa nafanya kazi nyumbani, ningeamua tofauti bila kusita.

Mpaka leo nina rasimu ya sehemu ya kwanza. Inaanza na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani aliyeagiza miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, na ikabaki 62 tu iliyopandwa Kikogwe karibu na Pangani, kisha inapita haraka hadi SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua iliyoanzishwa mwaka 1944. Sehemu hiyo imekwama kwa sababu jina Hindorf linakataa kukaa mwisho wa kipande, na pia kwa sababu beti zangu kuhusu korona, mashine ya kutoa singa, yaani nyuzi, katika majani ya mkonge, zinaeleza mashine na kumsahau mtu aliyesimama mbele yake. Jumapili ijayo nitakwenda Muheza kumsikiliza mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha singa, na nitamwomba anieleze alivyosimama, alivyovaa na mikono yake ilivyokuwa mwisho wa zamu, kisha nitaandika upya beti 12 za korona kabla ya kuendelea na safari ya treni.