Stoki ya rangi iliyofungwa: jinsi nilivyoikagua kabla ya kuinunua

Watu wengi wa kazi yetu huamini kwamba kitu ambacho hakijafunguliwa hakiharibiki. Kwa rangi ya nywele hilo lina ukweli kiasi. Kwa oksidan, ile krimu nyeupe tunayochanganyia rangi, halina ukweli, hasa hapa Lubumbashi ambapo Septemba na Oktoba jua linaunguza mabati tangu asubuhi. Oksidan hufia ndani ya chupa yake, kifuniko kikiwa kimefungwa vilevile kilivyotoka kiwandani.

Naandika haya kwa sababu ya stoki ya yaya mmoja, yaani mkubwa wangu kwa umri, aliyekuwa na saluni Ruashi. Alikuwa anahamia Kolwezi, akanipigia simu: "Mdogo wangu, njoo uchukue vitu vyangu vyote, nitakupa nusu ya bei." Kulikuwa na kartoni za tyubu za rangi na chupa za lita moja za oksidan, volimu 20 na volimu 30, zote zimefungwa. Nilimwambia, "Yaya, nitachukua, ila uniruhusu kwanza nipime." Akakubali.

Nilianza na tarehe. Chupa chache zilikuwa na mwezi na mwaka wa mwisho, tyubu nyingi hazikuwa nao. Hilo halikunishtua. Sheria ya Ulaya, ambako rangi zile zilitengenezwa, hailazimishi kuandika tarehe ya mwisho kwa kipodozi kinachodumu zaidi ya miezi 30. Badala yake huwekwa mchoro wa kopo lililo wazi na maandishi kama 12M, yaani miezi 12 tangu siku ya kufungua. Mchoro huo hausemi lolote kuhusu miezi ambayo tyubu imekaa dukani. Kinachobaki ni namba ya loti iliyogongwa kwenye mkunjo wa mwisho wa tyubu, na risiti za manunuzi. Yaya alikuwa amezitunza risiti zake, nami nikalinganisha kartoni kwa kartoni. Tyubu iliyofungwa na kuwekwa mahali pa baridi kwa kawaida huhesabiwa miaka 3 hivi, na zake zote zilikuwa bado ndani ya muda huo.

Lakini hesabu hiyo inadai mahali pa baridi, na nyingi za lebo hizi hutaja nyuzi 25 au chini yake. Rafu kuu ya yaya ilikuwa juu kabisa, karibu na mabati yasiyo na dari. Nilipanda kwenye kiti na kipimajoto cha ukutani, saa nane mchana, kikaonyesha 38. Chini sakafuni, katika chumba cha nyuma alikoweka baadhi ya chupa za volimu 20 na 30, kilionyesha 26. Kuanzia hapo nikaacha kuiona ile stoki kama kitu kimoja. Nikaigawa: vya juu na vya chini.

Ndani ya oksidan kuna peroksidi ya hidrojeni, asilimia 6 kwa volimu 20 na asilimia 9 kwa volimu 30. Muda wote peroksidi inajivunja polepole kuwa maji na oksijeni. Watengenezaji huitia asidi kidogo na vitu vya kuituliza ili isijivunje haraka, lakini joto, mwanga na vumbi la chuma huvishinda vitu hivyo. Ndiyo maana chupa zake huwa za plastiki isiyopitisha mwanga, na ndiyo maana haimiminwi kamwe kwenye chombo cha chuma wala haifungwi katika chupa isiyo yake.

Oksijeni ikitoka hutafuta nafasi. Niliziweka chupa za rafu ya juu mezani moja moja. Kadhaa hazikusimama sawasawa, zilikuwa zinayumba, kwa sababu kitako kilikuwa kimejaa na kutokeza nje. Nilifunika kitambaa juu ya kifuniko, nikageuza polepole, uso nikiuweka mbali, na hewa ikatoka kwa nguvu kama soda iliyotikiswa. Hapo lakini pana jambo la kuangalia. Mji wetu uko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na chupa iliyojazwa mahali pa chini huweza kufika huku ikiwa imekaza kidogo bila ubaya wowote. Kwa hiyo nilizifunga tena, nikaziacha kivulini siku chache. Ile iliyokaza kwa sababu ya mwinuko hubaki laini baada ya kutolewa hewa mara ya kwanza. Inayojivunja huvimba tena. Tatu zilivimba tena, na hizo nilizikataa papo hapo.

Ambazo hazikuvimba hazikuwa zimefaulu bado. Baadhi ya vifuniko vimetengenezwa vipitishe hewa kidogo kidogo, hivyo chupa inaweza kupoteza nguvu yote na bado ikaonekana nzuri. Nilikata kiazi mviringo kibichi, nikadondoshea upande mmoja oksidan yangu mpya na upande wa pili ya yaya. Kiazi kibichi kina kimeng'enya kinachovunja peroksidi haraka, na povu ndilo linaloonyesha. Yangu ilipanda povu zito mara moja. Ya rafu ya juu ilitoa mapovu machache ya uvivu. Ya chumba cha nyuma ilitoa povu kama yangu. Kipimo hiki kinatofautisha kilicho hai na kilichokufa, basi. Hakiwezi kukuambia kama asilimia 6 imeshuka hadi 4, na kazi nyingi mbaya za saluni hutokea katika pengo hilo.

Kuhusu tyubu, kwanza nilinusa kartoni kabla ya kuigusa. Harufu kali ya amonia kwenye kasha lililofungwa maana yake kuna tyubu inayovuja. Nilikuta moja, shingo yake ikiwa na ukoko wa kahawia na alumini imeliwa kama na kutu nyeupe. Hiyo ilitupwa. Kisha nilifungua tyubu moja kutoka kila loti, yaya akiwa ameridhia. Krimu nzuri hutoka nyeupe au ya manjano hafifu, laini, ikishikana, kisha hubadilika rangi mbele ya macho yako ndani ya dakika chache kwa sababu imekutana na hewa. Hilo ni jambo la kawaida. Mbaya ni ile inayotanguliza maji au mafuta kabla ya krimu, au iliyo na chembechembe, au ambayo tayari ni kahawia hata baada ya kukamua na kutupa sentimita ya kwanza. Tahadhari moja: rangi nyekundu na za shaba mara nyingi hutoka zikiwa na rangi yake tayari, kwa vile kiwanda huzitia rangi ya moja kwa moja. Usizitupe kwa kuziogopa.

Kilichonipa uamuzi wa mwisho ni nywele. Kinyozi jirani yangu hapa Katuba alinipa mvi za mzee aliyekuwa amenyoa. Nilizifunga kwa uzi vishungi vitatu, nikaziosha kwa shampuu na kuzikausha. Nilichagua kahawia iliyokoza, namba 4, kwa sababu ndiyo wateja wangu wanaoficha mvi huitaka. Maelekezo ya tyubu yalitaka sehemu moja ya rangi na sehemu moja na nusu ya oksidan, kwa hiyo nilipima kwenye mizani ya jikoni gramu 10 za rangi na gramu 15 za oksidan, kwenye bakuli za plastiki. Kishungi cha kwanza kilipata rangi yangu mpya na oksidan yangu mpya. Cha pili, rangi ya yaya na oksidan yangu. Cha tatu, rangi yangu na oksidan yake ya rafu ya juu, mojawapo ya zile ambazo hazikuvimba. Niliviacha dakika 35, vyote mahali pamoja, nikasuuza.

Kishungi cha kwanza na cha pili usingeweza kuvitofautisha hata juani. Cha tatu kilipokuwa kimelowa kilionekana sawa pia, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kilipokauka nilikipeleka mlangoni kwenye mwanga: kahawia nyembamba, yenye wekundu wa chai, na mvi zinang'aa ndani yake. Nilikiosha tena kwa shampuu na maji yakawa na rangi. Chembe za rangi huingia kwenye unywele zikiwa ndogo, kisha oksidan huziunganisha kuwa kubwa zisizoweza kutoka. Oksidan ikiwa dhaifu, zinabaki ndogo, na zinatoka na maji. Mteja angerudi baada ya wiki akisema rangi yangu ni bandia, wakati rangi haikuwa na kosa lolote.

Nilirudia kwa volimu 20 na 30 zilizokaa chini, zikafaulu. Basi nikamwambia yaya waziwazi: nachukua tyubu zote isipokuwa ile inayovuja, nachukua chupa za chumba cha nyuma, na za rafu ya juu siwezi hata bure. Aliuliza kwa nini nisizitumie zile za volimu 30 za juu mahali pa 20, maana zimepungua. Nilimjibu kwamba hatujui zimepungua kiasi gani, na kila chupa imepungua kivyake. Moja itaunguza ngozi ya kichwa na nyingine haitashika mvi. Hakubisha tena.

Nyumbani kwangu stoki hiyo iko kwenye rafu ya chini kabisa, upande wa ukuta usiopigwa na jua la jioni, mbali na makaa na jiko, kwa sababu oksidan ikimwagika husaidia moto kuwaka. Chupa zinasimama wima, tyubu zinabaki ndani ya makasha yake. Kwenye kila kimoja nimeandika kwa kalamu ya wino mzito mwezi nilionunua, na cha zamani kinakaa mbele. Siweki kwenye friji: oksidan ikiganda, krimu hutengana na maji, na friji ni ya chakula. Kuanzia Agosti hadi mvua zianze nanunua oksidan kidogo kidogo, na depoti nachagua chupa za kartoni iliyo chini ya lundo, si zile zilizopangwa dirishani.

Zile zilizokataliwa tulizimaliza siku hiyo hiyo. Tulifungua kila chupa, tukaimimina kidogo kidogo kwenye ndoo kubwa ya plastiki iliyojaa maji, tukiwa na glavu, kisha tukamwaga kwenye mtaro wa maji machafu. Vifuniko tulivitupa kando na chupa tukazitoboa, ili mtu asije kuziokota, kuzijaza tena na kuziuza sokoni.