Geji ilisoma 15, vifaa vya chini havikutakasika: tulivyoikamata hewa ndani ya otoklevu

Zahanati yetu iko Nyanda za Juu Kusini, mita 2,000 na kitu juu ya usawa wa bahari. Umeme unakatika utakavyo, kwa hiyo vifaa vya kuzalishia na kushonea tunavitakasa kwa otoklevu ndogo ya kuweka juu ya jiko la gesi. Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwetu fildi huwa wamekariri kanuni moja: geji ikifika 15, hesabu dakika 30 kwa vifaa vilivyofungwa kwenye kitambaa, kisha zima jiko. Kanuni hiyo siipingi. Kinachoniudhi ni kufundishwa bila maelezo yake, kwa sababu geji inapima msukumo tu. Joto haipimi, na kinachoua vijidudu pamoja na spora zake ni joto la mvuke.

Nilipohamia hapa nilikuta kila seti inafungwa tepu ya kiashiria kwa nje. Mistari ikigeuka nyeusi, seti inapelekwa kabatini. Mimi nilikuwa nimezoea kuweka na karatasi ya kiashiria katikati ya seti, kati ya mikasi na fosepsi, nikaendelea hivyo hivyo. Usiku mmoja tukafungua seti kumzalisha mama. Tepu ya nje ilikuwa nyeusi tii. Karatasi ya ndani ilikuwa na rangi ileile iliyotoka nayo kwenye boksi. Seti ile tukaiweka kando, tukafungua nyingine ambayo karatasi yake ilikuwa imegeuka vizuri, mama akajifungua salama. Lakini usingizi ulinipaa. Tepu ya nje inasema kifurushi kimepita kwenye moto. Haisemi moto huo umefika kwenye kiungo cha mkasi utakaokata kitovu.

Asubuhi ushauri ukaanza kumiminika. Fundi mmoja alisema karatasi zetu zimeisha muda. Nikamwonyesha tarehe kwenye boksi. Mwenzangu mmoja akasema tuongeze hadi dakika 45 yaishe. Mwingine, kwa sababu seti zilikuwa zinatoka zimelowa, akashauri tuzianike juani ili jua “limalizie kazi”. Huo wa mwisho ndio uliniudhi kuliko yote. Jua linakausha kitambaa, halitakasi kilichomo ndani, na vumbi la uani linatua pale pale.

Nikaamua kuiuliza otoklevu yenyewe. Niliandaa seti tatu zinazofanana, kila moja na karatasi katikati, nikaziandika kwa penseli kwenye tepu: chini, kati, juu. Nikapakia nyingine kama kawaida, nikaendesha mzunguko kama ulivyokuwa ukiendeshwa siku zote. Tulipofungua, karatasi ya juu ilikuwa imegeuka rangi yote, ya kati imegeuka nusunusu na ya chini haijaguswa. Wanafunzi wawili walikuwa wamesimama pembeni yangu, na sikuhitaji kuwahubiria tena.

Maana yake ni hii. Hewa baridi ni nzito kuliko mvuke, kwa hiyo inakaa chini. Isipotolewa inabanwa pamoja na mvuke, geji inapanda vizuri kabisa, lakini joto linabaki nyuma. Katika usawa wa bahari, 15 ya geji yenye mvuke mtupu ni nyuzi 121. Ukitoa nusu tu ya hewa, 15 hiyohiyo inakupa kama 112. Usipotoa kabisa, unacheza kwenye 100, yaani umechemsha tu, na spora za pepopunda haziogopi kuchemshwa. Ndiyo maana kuongeza dakika kulikuwa kujidanganya: hewa ilikuwa imekaa palepale, na mvuke haukuwa unafika chini.

Swali likawa, mbona hewa haitoki wakati vali tunaifungua? Nikageuza mfuniko. Otoklevu za aina yetu zina mrija mwembamba wa chuma unaopindika, umefungwa chini ya vali ya kutolea mvuke. Mrija huo unatakiwa upite kwenye mfereji ulio ubavuni mwa ndoo ya ndani hadi karibu na kitako, ili hewa ya chini ndiyo isukumwe kwanza. Wetu ulikuwa umekatika. Kilichobaki kilikuwa kipande kifupi kama kidole, kinavuta mvuke wa juu na kuiacha hewa chini. Mrija mpya haukuwa ghali. Nauli ya kuufuata mjini ilituuma zaidi. Tulipourudisha nikarudia jaribio la seti tatu, na karatasi zote tatu zikageuka.

Siku hizi tunaacha vali wazi maji yanapochemka. Mwanzoni inatema mvuke kwa kukatakata, pamoja na matone. Tunasubiri hadi utoke mfululizo kwa mlio mmoja, tunauacha hivyo dakika 10, ndipo tunafunga. Saa inaanza kuhesabiwa msukumo ukishafika, si jiko linapowashwa. Mabakuli yanalala ubavu, maana bakuli lililotazama juu linabeba hewa yake. Seti zinasimama kwa upande, mkono uweze kupita kati yake. Mikasi na fosepsi zinafungwa zikiwa zimeachama.

Mlimani kuna jambo la pili ambalo halisemwi darasani. Geji inapima msukumo uliozidi ule wa hewa ya nje, na huku hewa ya nje ni nyepesi. Kwenye mita 2,000, hata ukitoa hewa yote, 15 inakupa kama nyuzi 117. Kufika 121 tunapandisha hadi 18 hivi. Kijitabu cha mashine yetu kinaruhusu. Soma cha kwenu kwanza, na vali ya usalama usiiguse kwa hali yoyote.

Yote haya ni kazi bure kama damu imebaki kwenye kiungo. Kifaa kinafunguliwa, kinasuguliwa kwa brashi na sabuni chini ya maji ili yasikurukie usoni, kisha kinasuuzwa na kukaushwa. Wengi bado wanaanza kwa kuloweka kwenye Jik. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema tusifanye hivyo kabla ya kuosha: damu inaipunguzia dawa nguvu, na klorini inakula chuma. Mikasi yetu ya zamani ina madoa ya kutu kwenye skrubu, na kutu hiyo ndiyo maficho ya uchafu.

Kuhusu seti zilizolowa: seti mbichi si salama hata kama karatasi ya ndani imegeuka, kwa sababu maji yanavuta vijidudu kutoka nje kupitia kitambaa. Muda ukiisha tunatoa mvuke wote, geji inashuka hadi sifuri, tunaegesha mfuniko wazi kidogo na kuziacha humohumo hadi zikauke. Hakuna anayeruhusiwa kuzitoa za moto na kuzilaza kwenye meza baridi, zitatoa jasho. Iliyobaki na unyevu inafunguliwa, inafungwa kwa kitambaa kikavu na kurudiwa mzunguko mzima.

Mwanafunzi akipangiwa zamu ya otoklevu kwangu, kabla hajatia maji anageuza mfuniko na kunionyesha mrija, mzima hadi mwisho wake. Ukipangiwa kituo kingine, fanya hivyo siku ya kwanza, kisha omba karatasi tatu za kiashiria na upakie chini, kati na juu.