Tulivyogawa ng'ombe wa baba: wake wawili, watoto wanane, mila na sheria

Baba alipofariki aliacha wake wawili, watoto wanane na ng'ombe ambao hakuna mtu pale bomani aliyewahi kuwahesabu kwa sauti. Wosia wa maandishi hakuacha. Mimi ni binti wa nyumba kubwa, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kajiado. Wazee wa ukoo waliponiita kwenye kikao cha kwanza hawakuniita nije kudai, waliniita niandike. Nawaeleza wenzangu mlio katika hali kama yetu jinsi tulivyoandika, kwa sababu ugomvi wote wa baadaye ulitatuliwa kwa karatasi zile.

Kwanza mjue sheria inasemaje, maana hapa wengi hupotoshwa. Kenya tuna Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981. Inasema mtu akifa bila wosia akiwa na wake zaidi ya mmoja, mali inagawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai anahesabiwa kama kichwa kimoja zaidi. Hicho ni kifungu cha 40, na hakitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Lakini vifungu vya 32 na 33 vinatoa mlango wa nyuma: katika wilaya fulani za wafugaji, zikiwemo Kajiado, Narok, Samburu, Turkana na Pokot Magharibi, ardhi ya kilimo na mifugo hufuata mila ya jamii ya marehemu. Kaka yangu mkubwa aliyajua hayo mapema kuliko sisi wote, na alikuja kikaoni akiwa amejiandaa.

Kwa mila yetu ya Kimaasai, mwanamume akioa humkabidhi mkewe ng'ombe wa kukama. Hao na uzao wao ni wa nyumba ile, na watoto wa kiume wa mama yule ndio watakaowarithi. Wanaobaki nje ya mgao huo ni wa baba mwenyewe, na akifa huenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza wa mke mkubwa pamoja na madeni yake. Binti hupewa mitamba michache siku ya kuolewa, basi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani apate wangapi, lilikuwepo swali la kujua ng'ombe gani ni wa nyumba gani, na gani ni wa baba.

Kuhesabu mifugo kwetu ni mwiko, na mzee mmoja alinionya mapema, "Mwanangu, usiwanyooshee kidole." Tukafanya kwa njia ambayo haikumkera mtu. Jioni ng'ombe wakirudi, nilisimama langoni na daftari, Yeyo, mama yangu, upande wangu mmoja na mama mdogo, mke wa pili wa baba, upande mwingine. Kila ng'ombe aliyeingia nilimwandikia mstari wake: jina au rangi, alama ya sikio, mama yake ni nani, alitoka wapi, na nani humkama. Hilo la mwisho ndilo lililoamua mambo. Wanaume walibishana kuhusu ng'ombe aliyetolewa miaka kumi iliyopita, lakini aliyekuwa akimkama asubuhi na jioni hakuwa na la kubahatisha. Kuna jike mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso ambaye kaka alisema ni wa baba. Mama mdogo akataja mama wa ng'ombe yule, na bibi yake, na mzee aliyemleta kama zawadi wakati yeye mwenyewe anaolewa. Yule mzee bado yu hai, akathibitisha. Jumla niliziandika nyumbani usiku, na bomani sikuzisoma.

Zilikuja hivi. Langoni walipita 92. Saba hawakuwa wetu: walikuwa wa marafiki na mashemeji waliowaacha kwa baba wachungwe. Yeyo alikuwa na 31 wa nyumba yake, mama mdogo 24, na wa baba walikuwa 30. Nje ya boma baba alikuwa na watano wengine kwa rafiki zake, wale walioitana naye *paashe*, yaani waliopeana mitamba. Na alidaiwa watano pia, wengi wao ikiwa ni salio la mahari ya mke wa kaka. Tukakubaliana deni litoke kwanza, kwenye fungu la baba, kabla ya mtu yeyote kupata kitu. Walio nje wakaingia, wanaodaiwa wakatoka, fungu la baba likabaki 30. Wote kwa pamoja wakawa 85.

Hapo ndipo mila na kifungu cha 40 vilipogongana, na nikaziandika hesabu zote mbili kwenye ukurasa mmoja ili kila mtu azione. Kwa mila kavu, kaka yangu, mtoto wa kiume pekee wa Yeyo, angesimamia 31 wa mama yake na 30 wa baba: 61. Ndugu zetu watatu wa kiume wa nyumba ndogo wangegawana 24. Kwa kifungu cha 40, nyumba yetu ina watoto watatu na mjane, vichwa vinne. Nyumba ndogo ina watoto watano na mjane, vichwa sita. Sehemu kumi. Ukimwaga ng'ombe wote 85 kwenye chungu kimoja, sisi tunapata 34 na wao 51. Yaani nyumba yetu ingebaki na idadi ya 31 wa Yeyo na watatu tu zaidi, na 27 kati ya 30 wa baba wangehamia upande wa pili.

Kaka alishika vifungu vya 32 na 33. Mdogo wetu wa nyumba ndogo, anayesoma chuo, akashika Katiba ya 2010: kifungu cha 27 kinachokataza ubaguzi, na cha 2 kinachosema mila inayopingana na Katiba ni batili. Wakili tuliyemlipa kwa ushauri tu alituambia kila upande una hoja, kisha akatukumbusha uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 2008 kuhusu mirathi ya Lerionka ole Ntutu wa Narok, ambapo Jaji Kalpana Rawal alikataa mabinti wa Kimaasai kunyimwa urithi kwa kisingizio cha mila. "Mkienda kushindana," akamwambia kaka, "mabinti wataingia tu. Swali ni mtakuwa mmeuza ng'ombe wangapi kulipa mawakili."

Suluhu ilitoka kwa mzee mwenye umri wa baba, na sikuitarajia. Alisema ng'ombe wa nyumba waachwe kwenye nyumba zao, kwa sababu baba alikwisha wagawa akiwa hai na hakuna mtu wa kumgawia tena. Kinachobishaniwa ni 30 za baba. Hizo ndizo zigawanywe kwa vichwa kumi, tatu kila kichwa: wajane wote wawili, watoto wa kiume wote, mabinti wote. Nyumba yetu 12, nyumba ndogo 18. Ukijumlisha na walio wa nyumba, sisi tukawa na 43 na wao 42. Kaka alinuna, lakini alipoona hesabu hiyo hakuwa na neno. Akapewa heshima yake ya mkubwa: kuchagua fahali kabla ya wengine.

Tatu kwa kila mmoja ni rahisi kusema, ila ng'ombe hawalingani. Katika wale 30, majike waliokwisha zaa walikuwa 11, mitamba tisa, madume na maksai kumi. Tulipanga mafungu kumi; tisa yakapata jike, mtamba na dume, na moja likapata majike wawili na dume. Jike mmoja alikuwa mzee, hazai tena, kwa hiyo aliyempata akaongezewa mbuzi watano kutoka kundi la pamoja. Wale watano walioko nje ya boma tuliwaweka kwenye mafungu ya ndugu wa kiume wakubwa, kwa kuwa ndio watakaoenda kuwadai.

Kwa dada zetu walioolewa, hofu ilikuwa kwamba ng'ombe watahamia ukoo mwingine. Walikubali wenyewe kuwaacha bomani kwa kaka zao, wakiwa na alama ya sikio tofauti. Maziwa ni ya anayechunga, uzao ni wa dada. Ng'ombe wa dada akifa, mchungaji ataonyesha ngozi yenye masikio. Bila ngozi, anahesabiwa kuwa ameuzwa na atalipwa. Tumeandika hilo, kwa sababu kiangazi kikali kikija kila ng'ombe aliyekufa huwa wa yule asiyekuwepo.

Upande wa mahakama haukuwa mgumu, ila una vizingiti. Barua ya chifu ya kwanza iliorodhesha watoto wa kiume tu. Tukairudisha mpaka ikaandikwa wake wote na watoto wote wanane. Ukiikubali ilivyo, utakuja kuitwa mwongo mbele ya hakimu. Tuliomba barua za usimamizi kwa fomu P&A 80, na kwa kuwa watoto wawili wa nyumba ndogo hawajafika miaka 18, ilitakiwa wasimamizi wasiopungua wawili: tukamweka kaka na mama mdogo, mmoja kutoka kila nyumba. Tangazo likatoka kwenye Gazeti Rasmi, siku 30 za pingamizi zikapita, tukapewa barua. Kuthibitishwa kwa mgao husubiri miezi sita kwa kawaida. Kizingiti kimoja cha kando: karani alitaka kila mmoja ataje jina kamili la marehemu, na kwetu jina la aliyekufa halitamkwi. Wazee walimwonyesha kwenye karatasi.

Ndani ya miezi hiyo usiuze. Kifungu cha 45 kinafanya kuchezea mali ya marehemu bila idhini kuwa kosa, faini au kifungo, hata ukiwa mtoto wake. Kaka alitaka kupeleka maksai sokoni Bissil kwa ajili ya karo na dawa ya kuogeshea. Tukauza mbuzi wa mama mwenyewe badala yake. Kama hamna cha namna hiyo, mahakama inaweza kutoa usimamizi wa muda wa kulinda mali.

Na miezi sita ni mirefu kwa ng'ombe: wanazaa, wanakufa. Kwa hiyo kwenye makubaliano tuliyowasilisha, yenye sahihi au kidole gumba cha kila mtu mzima, hatukuandika "ng'ombe watatu". Tuliandika ng'ombe kwa rangi na alama zao, na kwamba ndama humfuata mama yake na hasara humfuata mwenye fungu. Hakimu aliuliza mabinti mmoja mmoja kama tumekubali bila kulazimishwa, akathibitisha mgao kama ulivyo.

Katika wale watano wa nje, watatu wamerudi. Wawili wako kwa rafiki wa baba upande wa Namanga, ambaye anasema walikufa na ngozi hana. Kaka amekwenda na cheti cha mahakama pamoja na mzee wa rika lao. Mimi naamini zaidi yule mzee.