Siku 28 baada ya zile 84

Nkuhungu, Dodoma. Jumapili, 22 Juni 2025.

Kesho naingia kazini. Mwanangu amelala hapa ubavuni, mkono mmoja ameukunja chini ya kidevu, na nje upepo wa kipupwe unagongagonga bati la jirani. Leo ametimiza siku 97. Kama barua yangu ya pili ya kuomba likizo isingekubaliwa, ningekuwa nimeshamwacha tangu alipokuwa na siku 70, na hizo siku 27 za katikati ndizo alizojifunza kucheka.

Nataka kuandika habari ya hizo barua mbili, maana nimewaona wenzangu wawili wakinyimwa kitu kilekile kwa kosa lilelile nililolifanya mimi mwanzoni.

Likizo yangu ya uzazi ilianza Jumatatu ya tarehe 3 Machi. Taarifa nilishaitoa Desemba, na cheti cha daktari nilikiambatisha, kwa kuwa sheria inataka mwajiri ajulishwe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio. Miguu ilikuwa imenivimba, viatu haviingii, nikaona nianze mapema. Mtoto akazaliwa tarehe 17. Maana yake siku 14 za kwanza ziliisha akiwa bado tumboni. Siku 84 zinahesabika mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, kwa hiyo zangu ziliisha Jumapili, tarehe 25 Mei. Kwa hesabu za ofisini nilikuwa na karibu miezi mitatu. Kwa mtoto ni wiki kumi kamili, na kuripoti kwangu kungeangukia siku ileile ya chanjo yake ya wiki ya kumi.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Kondoa kunilea. Naye alikuwa na alizeti shambani, na mwishoni mwa Mei lazima awe nyumbani kwa mavuno. Dada wa kazi nilikuwa bado sijampata. Usiku mmoja mama akaniuliza, "Mwanangu, hiki kichanga utamwachia nani?" Sikuwa na jibu, nikawasha taa nikaanza kuandika.

Barua ile ya kwanza, ya tarehe 14 Aprili, niliipa kichwa hiki: "YAH: OMBI LA KUONGEZEWA LIKIZO YA UZAZI". Nikaeleza habari ya mama, ya mtoto, ya maziwa. Ilikuwa barua ya machozi. Baada ya Pasaka nikajibiwa kwa mistari mitatu: likizo ya uzazi ni siku 84, haziongezeki hadi 100 ila kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, hivyo ombi halina msingi. Nililia. Lakini nilipoisoma mara ya tatu nikaona kwamba waliniambia kweli. Nilikuwa nimeomba kitu ambacho hakipo, na kile kilichokuwepo sikukitaja popote.

Kilichokuwepo ni likizo yangu ya mwaka 2024. Desemba sikwenda likizo kwa sababu mimi ni mhasibu na tulikuwa tunafunga hesabu. Siku zangu 28 zilikuwa zimekaa tu. Nilipompigia afisa utumishi, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, si umeshapumzika miezi mitatu? Hizo za mwaka zimemezwa humo." Hapo ndipo nilipotafuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nikaisoma mwenyewe. Kifungu cha 31 kinahusu likizo ya mwaka, cha 33 kinahusu uzazi, na sheria inamkataza mwajiri kuitumia likizo ya mwaka kuziba nafasi ya likizo nyingine. Uzazi haumezi mwaka.

Ila kifungu hichohicho cha 31 kinampa mwajiri mamlaka ya kupanga ni lini uende likizo ya mwaka. Kwa hiyo hapa huwezi kudai upewe tarehe unazozitaka. Unaomba, na unamwonyesha kwamba tarehe zako zinamfaa na yeye. Mamlaka yake yana mpaka: likizo lazima itolewe ndani ya miezi sita baada ya mzunguko wake kuisha, na kuisogeza zaidi ya hapo kunahitaji ridhaa yako na sababu ya kikazi. Mzunguko wangu uliisha 31 Desemba 2024. Miezi sita inaisha 30 Juni 2025.

Nikachukua kalenda ya ukutani. Nikirudi kazini tarehe 26 Mei, basi ili siku 28 ziishe kabla ya Juni kwisha, likizo lazima ianze tarehe 3 Juni. Yaani ningerudi, nikae mezani wiki moja, nipokee makabidhiano, niyakabidhi tena, niondoke. Hiyo ndiyo hoja iliyonipa barua, na haikuwa na chozi hata moja.

Niliiandika Jumatatu ya tarehe 28 Aprili, siku mbili baada ya arobaini. Mtoto alikuwa ananyonya, karatasi nimeiweka juu ya daftari gumu gotini, tone la maziwa likaangukia pembeni na wino ukatawanyika. Nikanakili upya yote.

"YAH: OMBI LA KUUNGANISHA LIKIZO YA MWAKA 2024 NA LIKIZO YA UZAZI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Likizo yangu ya uzazi inaisha tarehe 25 Mei 2025. Naomba kutumia siku zangu 28 za likizo ya mwaka 2024, ambazo sijazitumia, kuanzia tarehe 26 Mei hadi tarehe 22 Juni 2025, na kuripoti kazini tarehe 23 Juni 2025."

Aya ya pili nikaweka ile hesabu ya wiki moja. Aya ya tatu ilihusu kazi: mwenzangu anayeshika nafasi yangu ataendelea, na ritani ya VAT ya tarehe 20 Juni ataiwasilisha yeye, nami nitaipitia kwa simu siku mbili kabla. Nafikiri aya hii ndiyo iliyomtuliza meneja, kwa sababu hofu yake ilikuwa ritani. Mwisho nikaomba kwamba nikirudi niruhusiwe kutoka saa tisa badala ya saa kumi na moja, kwa kuwa kifungu cha 33 kinampa anayenyonyesha hadi masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Habari ya mama na alizeti sikuiandika.

Tarehe 8 Mei nikapata jibu: imekubaliwa, pamoja na yale masaa mawili. Idd el Hajj ilianguka ndani ya likizo na haikuongeza siku, maana sikukuu zinahesabiwa humohumo. Hilo nililijua tangu mwanzo.

Bado naona siku 84 ni chache, hasa zinapoanza kuliwa kabla mtoto hajazaliwa. Ila nilizopata nimezitumia. Mama alivuna alizeti yake. Dada wa kazi alifika Mei mwishoni, na kwa wiki tatu tumekuwa tukifanya kila kitu pamoja: kukamua, kuchemsha kikombe, kumnywesha kwa kikombe taratibu bila kumpalia. Wiki ya kwanza mtoto alimgeuzia uso. Juzi alimchekea.

Kesho anatimiza wiki 14, siku ya chanjo ya tatu. Nimeshaomba niingie ofisini nikitoka kliniki. Kadi iko juu ya meza, kitenge nimekikunja, na vikombe viwili vya maziwa viko kwenye friji.