Kumbukumbu ya mradi: kurudisha detaminanti kutoka kwenye mabaki

Jumamosi. Nataka programu yangu itoe detaminanti ya matriksi ya namba kamili bila kukosea hata moja. Kwa desimali, matriksi ya 14 kwa 14 inaniletea jibu lenye mkia wa sehemu ilhali jibu la kweli ni namba kamili. Kwa visehemu, namba za juu na za chini zinavimba katikati ya kazi. Kwa hiyo nimehamia kwenye mabaki: napiga hesabu yote kwa mabaki ya 7, kisha upya kwa mabaki ya 11, kisha ya 13. Namba hazivimbi, maana kila hatua nagawanya na kubaki na baki. Mwishoni naunganisha mabaki nipate namba moja. Njia hii ni ya zamani: Qin Jiushao wa China aliieleza kwa ukamilifu mwaka 1247.

Matriksi ya majaribio ina safu 5, 3, -6; 4, -7, 2; na 1, 8, 5. Mabaki yametoka 3 kwa 7, 7 kwa 11 na 3 kwa 13.

Kuunganisha nafanya hatua kwa hatua, sikusanyi yote kwa mkupuo. Naanza na 3. Namba yoyote yenye baki 3 kwa 7 ni 3 + 7k, nami natafuta k itakayoacha baki 7 kwa 11. Basi 7k lazima iache baki 4. Kinyume cha 7 kwa 11 ni 8, kwa sababu 7 × 8 = 56, yaani 55 na 1. Hivyo k ni 4 × 8 = 32, baki 10, nami nafika 73. Sasa nasogea kwa hatua za 77: 73 + 77k iache baki 3 kwa 13. 73 inaacha 8, na 77 ni pungufu ya 78 kwa moja, kwa hiyo 8 - k = 3, k ni 5. Jibu: 458.

Mabaki yote matatu yanakubali. Nikalala kwa furaha.

Jumapili. 458 si jibu. Nimepanua matriksi kwa mkono na kupata -543. Nilidhani nimekosea kwenye kinyume, nikapitia tena mstari kwa mstari, kumbe mabaki yalikuwa sahihi yote. Tofauti ya 458 na -543 ni 1001, ambayo ndiyo 7 × 11 × 13. Mabaki hayajui namba yenyewe, yanajua tu nafasi yake ndani ya mzunguko wa 1001. Nilikuwa nimeamua kwamba jibu lililozidi 500 nitalihesabu hasi, lakini 458 halijazidi.

Nilichoruka ni kupima kwanza jibu linaweza kuwa kubwa kiasi gani. Kikomo cha Hadamard kinatosha: kwa kila safu jumlisha miraba, chukua kipeuo cha pili, kisha zidisha safu zote. Hapa miraba ni 70, 69 na 90, nayo inatoa takribani 659. Jibu linaweza kuwa popote kati ya -659 na 659, kwa hiyo mzunguko lazima uzidi 1318. 1001 haukutosha tangu mwanzo.

Nimeongeza 17. Baki ni 1, na 458 + 1001k inadai k = 16. Lakini 16 kwa 17 ni sawa na -1, na 458 - 1001 ni -543. Tangu hapo nachukua k iliyo karibu zaidi na sifuri, na alama ya hasi inajitokeza yenyewe:

```python
def ongeza(x, M, r, p):
    k = (r - x) * pow(M, -1, p) % p
    if k > p // 2:
        k -= p
    return x + M * k, M * p
```

Hapa x ni jibu la sasa, M ni mzunguko wake, r ni baki mpya na p ni kigawanyo chake. Naanza na x = 0, M = 1. Vigawanyo vyote viwe namba witiri.

Jumatano. Programu imekatika ikisema `base is not invertible for the given modulus`. Kwenye orodha nilikuwa nimeingiza 91 nikiiona kama namba tasa, kumbe ni 7 × 13. Kinyume cha M kinapatikana tu pale ambapo M na p hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Nashukuru ilikatika kwa kelele badala ya kutoa namba.

Ijumaa. Kwa 14 kwa 14 natumia namba tasa kubwa, nikianza na 2147483647 na kushuka. Kikomo kikishapitwa, kila namba tasa ya ziada inatoa k = 0. Hata kabla ya kikomo k inaweza kuwa 0, na kishawishi cha kusimama hapo ni kikubwa. Nimeacha programu iende mpaka kikomo: k = 0 moja ya mapema ni dalili tu, na namba ya 458 imeshanitosha.